Kidonda Kichafu na Kadi ya Sindano: Somo juu ya Pepopunda

Kabla ya kuanza somo hili, tafuta kadi yako ya sindano, uiweke karibu nawe. Kama huna kadi, soma vilevile, maana somo hili limeandikwa zaidi kwa ajili yako.

Bwana mmoja wa Kikula, hapa Likasi, alikuja hospitalini siku ya Jumamosi pamoja na mke wake na mtoto wao mdogo. Yeye ni mchimbaji wa madini. Siku ya Alhamisi, alipokuwa akishuka shimoni, alikanyaga ncha ya chuma iliyojificha katika udongo. Chuma kilipita katika kandambili yake kikaingia unyayoni kiasi cha kidole kimoja. Alikichomoa, akakandamiza kidonda kwa kipande cha nguo, akaendelea na kazi mpaka jioni. Nyumbani akapaka jivu na majani yaliyotwangwa. Siku ya pili damu haikutoka tena, na tundu lilikuwa limefungwa juu, dogo kama punje ya hindi. Yeye mwenyewe hakutaka kuja. Mke wake ndiye aliyemlazimisha, maana aliona mguu umeanza kuvimba.

Nilipomwuliza, “Baba, kadi yako ya sindano iko wapi?” alicheka kidogo akasema, “Munganga, kadi ni mambo ya mama na watoto.”

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi sana, nalo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Ni nini kilichoingia pamoja na chuma?

Pepopunda, ambao wengi katika mji wetu huuita tetanosi, si pepo, ingawa jina lake lasema hivyo. Wazee walioupa jina hilo walimwona mgonjwa akikakamaa mwili mzima, mgongo ukipindika kama upinde, na huku akili yake ni timamu na anajua yote yanayompata. Basi wakadhani ameshikwa na kitu kisichoonekana. Kweli kipo kitu kisichoonekana, lakini ni kijidudu. Mbegu zake hukaa katika udongo, katika vumbi, katika mavi ya ng’ombe, mbuzi, farasi na wanyama wengine. Mbegu hizo ni ngumu ajabu. Zaweza kukaa katika udongo miaka mingi, na jua haliziui wala ukame.

Watu wengi hudhani kutu ndiyo inayoleta ugonjwa. Sivyo. Chuma kipya king’aacho, mwiba, kijiti cha mti, au kipande cha chupa chaweza kuleta pepopunda kama kina udongo. Kutu yaonyesha tu kwamba chuma kimelala nje siku nyingi, mahali penye uchafu. Jambo la kutisha ni kina cha kidonda. Kijidudu hiki hakipendi hewa. Katika mkwaruzo mpana ulio wazi, hewa huingia, damu hutoka, na mbegu nyingi hazipati nafasi ya kuota. Lakini katika tundu jembamba lililofungwa juu, penye udongo na nyama iliyokufa ndani, hakuna hewa, na hapo mbegu huamka na kuanza kutengeneza sumu. Ndiyo maana kidonda kidogo cha yule bwana kilinitia hofu kuliko kile cha mtu aliyekatwa paji la uso wiki ile ile, ambaye damu yake ilijaa shati zima.

Sumu hiyo husafiri katika mishipa ya fahamu. Ikiisha kushika mshipa, hakuna dawa duniani inayoweza kuiondoa pale. Mgonjwa hungoja wiki nyingi mpaka mishipa ijitengeneze tena. Kwa kawaida dalili za kwanza huonekana kati ya siku ya 3 na siku ya 21 baada ya jeraha, mara nyingi katika wiki ya pili. Basi yule bwana aliyekuja siku ya pili alikuwa bado na nafasi. Na wewe ukichelewa siku tano au kumi, usiseme, “Nafasi imekwisha pita.” Njoo. Kazi ya kuzuia yaweza kufanyika maadamu sumu haijafika mishipani.

Kwanza kuosha

Kabla ya sindano yoyote, tuliosha. Wengine hukasirika wakiona munganga anafungua kidonda ambacho kimekwisha kujifunga, wakisema amemrudishia mgonjwa maumivu. Lakini sindano haiwezi kutoa udongo ndani ya mguu. Tulimpa bwana yule dawa ya ganzi, tukafungua tundu, tukamimina maji safi mengi kwa nguvu ya bomba la sindano, mara nyingi, mpaka maji yakatoka meupe. Ndani kabisa tulikuta kipande cha mpira wa kandambili, cheusi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Hicho ndicho kilichosukumwa ndani na chuma, nacho kilikuwa kimebeba udongo wa shimo. Tukakata nyama iliyokufa, wala hatukushona. Kidonda cha namna hii huachwa wazi chini ya kitambaa safi, kipone kutoka chini kwenda juu.

Nyumbani kwako huna bomba la sindano, lakini unayo maji na sabuni. Osha kidonda mara moja, kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani kwamba yatosha. Usipake jivu, wala udongo, wala mavi ya ng’ombe, wala kahawa, wala majani. Vitu hivyo huziba mlango wa kidonda na kuongeza zile mbegu tunazotaka kuziondoa. Halafu njoo.

Tulimpa pia vidonge vya kuua vijidudu kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Lakini angalia, vidonge hivyo havichukui nafasi ya sindano za pepopunda. Kuna watu wanaonunua vidonge sokoni, wakavimeza siku mbili, wakajiona wamekingwa. Hawakukingwa.

Kusoma kadi

Sasa twarudi kwenye kadi. Mtu mwenye kidonda akija, munganga hujiuliza maswali mawili. La kwanza: je, kidonda hiki ni safi na kidogo, au ni kichafu? Kichafu ni kile chenye udongo, mavi au mate, kile cha tundu refu, kilichopondeka, cha moto, cha risasi. La pili: je, mtu huyu amepata sindano ngapi za kukinga pepopunda tangu kuzaliwa, na ya mwisho ilikuwa lini?

Kinga kamili huanza na sindano tatu. Sindano moja peke yake ni kama msingi wa nyumba bila ukuta. Zikiwa tatu au zaidi, mwili umejifunza, nao hukumbuka. Ukipewa moja tena baada ya miaka, huamka upesi na kutengeneza kinga yake katika siku chache.

Katika kadi utaona majina mbalimbali. Kadi ya mama mjamzito yaweza kuandikwa VAT, au Td kwa chanjo inayokinga pia dondakoo. Kadi ya mtoto imeandikwa Penta, na kadi za zamani DTC. Zote hizo zina kinga ya pepopunda ndani yake, nazo huhesabiwa. Sindano ya surua haihesabiwi, wala ya homa ya manjano, wala ya kifua kikuu. Na kama uliacha katikati, hurudi mwanzo. Sindano zilizokwisha kutolewa hazipotei. Aliyepata mbili miaka sita iliyopita, akipata moja leo, leo ana tatu.

Bwana yule alisema, “Nilidungwa sindano nilipokuwa kijana, matakoni, na iliniuma sana.” Nilimwuliza ilikuwa ya ugonjwa gani. Hakujua. Yaweza kuwa kwinini, yaweza kuwa penisilini. Kwa kidonda kichafu, sindano isiyojulikana twaihesabu kuwa haikutolewa. Si kwamba tunamwita mtu mwongo. Kama tukikosea kwa kumpa chanjo asiyoihitaji, mkono utamwuma siku mbili. Kama tukikosea kwa kumnyima, aweza kufa.

Wala yeye si mtu wa ajabu. Katika nchi zetu akina mama hudungwa wakiwa na mimba, ili kuwakinga wao na watoto wao wachanga. Watoto hudungwa wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Lakini mwanamume akiisha kuwa mtu mzima, nani humwita? Jambo hili lilionekana wazi Uganda na katika nchi nyingine za Afrika ya Mashariki, wakati wanaume wengi walipotahiriwa ili kupunguza hatari ya UKIMWI. Wachache wao walipata pepopunda baada ya kutahiriwa, na wengine wakafa. Shirika la Afya Duniani liliwakusanya wataalamu mwaka 2015 na tena mwaka 2016 kuyachunguza mambo hayo. Ilionekana kwamba wanaume wengi wazima hawana kinga, ingawa wake zao wanayo. Na hapa kwetu ni mwanamume anayeshuka shimoni.

Sindano ya pili, ile ya kuazima

Kwa hiyo tulikuwa na kidonda kichafu, chenye kina, cha siku mbili, na mtu asiye na kadi. Chanjo peke yake haikutosha. Sababu yake ni hii: chanjo humfundisha mwili kutengeneza kinga, na mwili usiojua kitu huchukua wiki kadhaa kujifunza. Sumu yaweza kufika kabla somo halijaisha. Basi tunaongeza dawa ya pili, jina lake imunoglobulini ya pepopunda. Hiyo ni kinga iliyokwisha kutengenezwa katika damu ya watu wengine waliochanjwa, ikasafishwa na kutiwa katika chupa. Ikiingia mwilini, hufanya kazi mara, ikiikamata sumu kabla haijagusa mishipa.

Fikiri mtu ambaye shamba lake ndilo kwanza limepandwa, na njaa imefika leo. Jirani humpa debe la unga. Unga huo humwokoa, lakini haukuoteshwa naye, nao utakwisha. Imunoglobulini ndiyo ule unga. Chanjo ndilo shamba. Unga hudumu mwilini wiki tatu au nne hivi, kisha umekwisha. Mtu asiyerudi kwa sindano ya pili ya chanjo, baada ya muda huo yu karibu sawa na alivyokuwa kabla hajakanyaga chuma.

Kipimo cha kawaida ni vipimo 250, mkubwa na mtoto sawasawa. Jeraha likiwa limepita saa 24, au likiwa na uchafu mwingi sana, wengi wetu hutoa 500. Bwana wetu alipata 500, katika msuli wa paja. Chanjo tulimdunga begani, kwa bomba jingine na sindano nyingine. Hazichanganywi kamwe katika bomba moja, wala hazitiwi mahali pamoja, maana zile kinga za kuazima zingeikamata chanjo yenyewe na kuiharibu kabla mwili haujaiona. Ukiona munganga anakudunga mahali pawili, usidhani amesahau kwamba amekwisha kukudunga.

Mara nyingine imunoglobulini ya watu haipatikani, nayo ni ghali. Hapo hutumika dawa ya zamani zaidi, serumu ya farasi, ambayo katika makaratasi yetu huandikwa SAT. Asili yake ni kazi ya Behring na Kitasato, ambao mwaka 1890 kule Berlini walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyekingwa yaweza kumkinga mnyama mwingine na sumu ya pepopunda. Imeokoa watu wengi. Lakini ni damu ya farasi, na mwili wa mtu mwingine huikataa kwa ukali. Kwa hiyo vipimo 1500 havisukumwi vyote mara moja. Munganga hutoa kidogo sana, hungoja robo saa, hutoa kidogo tena, hungoja robo saa nyingine, ndipo humaliza, na dawa ya adrenalini iko tayari mezani. Ukiombwa kukaa bado nusu saa benchini, kaa, hata kama basi linaondoka. Na kama uliwahi kuvimba uso, au kukosa pumzi, au kuanguka baada ya serumu, au kama una pumu, sema kabla ya sindano. Tena, ukipata upele wa kuwasha, homa na maumivu ya viungo baada ya wiki moja hivi, rudi utuonyeshe.

Watu watatu, majibu matatu

Mke wake alisikiliza yote, kisha akasema, “Na mimi je, munganga? Mimi ninalima kila siku. Jembe likinikata, nitadungwa hizo mbili?”

Nikaichukua kadi yake. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa katika mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya kupigia kura. Alikuwa na VAT tano, zilizotolewa katika mimba zake, na ya tano ilikuwa na miaka saba. Nikamwambia, “Mama, ukikatwa kidogo na kisu safi jikoni, osha tu, hakuna sindano, maana miaka kumi haijapita. Ukikatwa na jembe lenye udongo na mbolea, uje upate chanjo moja, kwa kuwa kwa kidonda kichafu twahesabu miaka mitano, na wewe umeipita. Lakini imunoglobulini huihitaji. Mwili wako una shamba lako tayari, nasi tunalinyeshea tu.”

Mtoto alikuwa na miaka minne. Kadi yake ilikuwa na Penta tatu, zote zimepigwa muhuri. Yeye angekanyaga chuma kile kile siku ile ile, tungeosha kidonda vizuri na kumrudisha nyumbani bila sindano ya pepopunda, maana amemaliza zake tatu na miaka mitano haijapita tangu ya mwisho. Baba alimtazama mtoto, kisha akautazama mguu wake mwenyewe, akanyamaza.

Sharti nililieleze jambo moja ambalo halionekani katika kadi. Mtu ambaye nguvu za mwili wake za kujikinga zimepungua sana, kama mgonjwa wa UKIMWI ambaye ugonjwa umemlemea, aweza kuwa na sindano zote tano na bado mwili wake usiitikie. Huyo, akipata kidonda kichafu, hupewa imunoglobulini hata kama kadi imejaa. Basi mwambie munganga habari zako kwa siri, katika chumba cha kufungia kidonda. Hatuulizi kwa sababu ya umbeya.

Nawe mwenye kidonda kidogo kilicho safi, usiye na kadi, utapata chanjo tu, bila imunoglobulini. Usilalamike kwamba umenyimwa dawa ya ghali. Hatari yako ni ndogo, na lile shamba ndilo unalolihitaji.

Siku zinazofuata

Tulimwandikia bwana kadi mpya, ya kwanza maishani mwake, yenye sindano moja. Ya pili baada ya wiki nne. Ya tatu baada ya miezi sita tangu ya pili. Ya nne mwaka mmoja baadaye, na ya tano mwaka mmoja tena baada ya hiyo. Nikamweleza kwamba akikanyaga chuma kingine kabla ya kupata ya tatu, tutalazimika kumpa tena imunoglobulini, kwa kuwa mbili bado si tatu.

Kisha nikamfundisha mke wake mambo ya kuangalia kwa siku 21, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi huyadharau. Taya kuwa ngumu, hata kufungua mdomo kwa kijiko ni kazi. Shingo kukaza. Kumeza kwa shida. Uso kuvutwa kama wa mtu anayecheka bila furaha. Tumbo kuwa gumu kama ubao. Misuli kuruka au kukaza karibu na kidonda. Mwili mzima kukakamaa kwa sababu mlango umebamizwa au taa imewashwa. Ikitokea hata moja ya hizo, asingoje asubuhi wala asitafute kwanza mtu wa kumfukuzia pepo, bali amlete usiku huo huo. Wala asiogope kumshika au kumlisha, kwa kuwa pepopunda hauambukizi kutoka mtu kwa mtu. Na mtu akiupata na kupona, hana kinga kwa sababu hiyo. Sumu inayoweza kuua ni kidogo mno hata mwili haujifunzi kitu, naye sharti achanjwe kama mwingine yeyote.

Walirudi siku ya tatu ili tutazame kidonda, na tena baada ya wiki moja. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Baada ya wiki nne nilimngoja Jumatatu, hakuja. Jumanne hakuja. Alikuja Alhamisi, akiwa na vumbi la shimo mpaka nyusi, pamoja na wachimbaji wenzake wawili ambao hawakuwa na kidonda chochote.

“Hawa pia hawana kadi,” akasema.

Tukawaandikia.